Mambo sita yanayokudanganya kwenye picha ya ratiba ya mjengo, kuanzia mwongo mdogo hadi bingwa

Unaijua picha hii. Imeingia kwenye simu yako jioni, umekaa nje Garissa mjini upepo wa Tana ukianza kupoa kidogo. Ni karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mabati pale kwenye saiti. Upande wa kushoto kuna orodha ya kazi. Upande wa kulia kuna mikanda ya rangi inayoshuka kama ngazi, na chini kuna kidole gumba cha aliyepiga picha. Ujumbe ni mmoja tu: "Tuandikie ratiba kamili, kila kazi na siku zake, na ipi inategemea ipi."

Rahisi, sivyo? Unasoma mikanda, unaandika tarehe, unalala. Ngoja kwanza. Picha hiyo ina waongo sita ndani yake, na nimewapanga kwa cheo. Kigezo changu ni kimoja: mwongo huyu akipita bila kukamatwa, atakula siku ngapi za mradi? Ukiona nimekosea mpangilio, tubishane. Najua wa kalenda mtakuja na panga.

Ili tusibishane hewani, nimetunga ratiba ya mfano. Ni madarasa mawili ya shule ya msingi nje ya mji, ukiacha lami na kuingia barabara ya udongo. Kazi inaanza Jumatatu tarehe 5 Januari 2026, wiki ni ya siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, na chati ina safu 15 za wiki. Mikanda yenyewe ni hii: kuchimba msingi, wiki ya 1. Kujenga msingi, wiki ya 2 na 3. Slabu, wiki ya 4. Halafu peupe. Kuta, wiki ya 6 hadi 8. Ringi bimu, ile boriti ya zege inayofunga kuta zote juu, wiki ya 9. Halafu peupe tena. Paa, wiki ya 11 na 12. Plasta na sakafu, wiki ya 12 hadi 14. Milango, madirisha na rangi, wiki ya 14 na 15.

Twende, tukianza na mdogo wao.

6. Picha iliyopigwa kwa chini

Karatasi iko juu ukutani, mpiga picha amesimama chini, simu imeinuliwa. Matokeo yake, upande wa chini wa chati unatoka mpana kuliko wa juu. Jicho lako linasamehe kosa hilo. Rula haisamehe.

Tuseme umefungua picha kwenye kompyuta na unapima kwa pikseli. Kwenye mstari wa juu kabisa, wiki ya 1 inaanza kwenye pikseli 312 na wiki ya 15 inaishia 1512. Hapo wiki moja ni pikseli 80. Unafurahi, unachukua 80 na kushuka nayo hadi chini. Lakini kwenye mstari wa mwisho, ule wa rangi, chati inaanza 300 na kuishia 1560, kwa hiyo wiki moja pale ni pikseli 84. Mkanda wa rangi unaanza 1392. Kwa kipimo cha pale pale unapata wiki 13 zimepita, yaani kazi inaanza wiki ya 14, sawasawa kabisa. Kwa kipimo ulichokibeba kutoka juu unapata wiki 13 na nusu. Mafundi wa rangi umewachelewesha siku tatu, na hawajakukosea lolote.

Dalili ya kumkamata ni rahisi: pima mwisho wa mkanda wa chini kabisa kwa kipimo cha juu. Hapa unapata wiki 15.6 kwenye chati yenye wiki 15. Mkanda ukitoka nje ya karatasi yake mwenyewe, kosa ni la picha. Dawa ni kupima mistari ya wiki upya kwenye mstari wa kila kazi, au kuinyoosha picha kwa programu ya simu inayoskani nyaraka kabla ya kugusa rula.

Hukumu: mwongo, lakini ana haya. Ukimuuliza mara mbili anakiri.

5. Mkanda mweusi wenye meno

Juu ya kazi tatu za kwanza kuna mkanda mrefu mweusi, ncha zake zimeinama chini kama pembe za ng'ombe, na jina lake limeandikwa kwa wino mzito: MSINGI. Huyo hafanyi kazi. Hachimbi, habebi mawe, hakorogi simiti. Ni muhtasari wa wale watatu walio chini yake, na programu nyingi za ratiba humchora hivyo.

Ukimwandika kama kazi ya nne umeongeza siku 24 ambazo tayari umezihesabu. Mtambue hivi: anaanza siku ileile anapoanza wa kwanza wake na kuisha siku ileile anapoisha wa mwisho wake. Ni bosi wa kawaida, anaonekana mwanzo na mwisho.

Hukumu: mpe cheo cha kichwa cha habari, usimpe siku hata moja.

4. Kisanduku kizima

Chunguza ncha za mikanda. Je, zote zinaanzia na kuishia juu ya mstari wa wiki, bila hata mmoja kukatika katikati? Basi mtu hakuchora muda, alipaka rangi visanduku kwenye Excel. Kazi ya siku nne na kazi ya siku sita zinapata kisanduku kilekile, kama abiria mwembamba na mnene wanavyolipa nauli moja kwenye basi la Nairobi.

Kwa hiyo ukiandika "kuchimba msingi, siku 6", ukweli wake ni "si zaidi ya siku 6". Weka alama pembeni ya kila namba ya namna hiyo. Hutaweza kupata usahihi ambao mchoraji hakuuweka, hata ukikuza picha mpaka uone nyuzi za karatasi.

Hukumu: si mwongo hasa. Ni msema nusu.

3. Kalenda

Haya, wa kalenda, nafasi yenu ndiyo hii. Nawapa shaba, na sababu naitoa mwishoni.

Mkanda wa wiki moja ni siku ngapi za kazi? Picha haisemi. Kuna saiti Garissa zinazopumzika Jumapili na kupunguza kazi Ijumaa kwa ajili ya swala. Kuna zinazofunga Ijumaa nzima na kufanya kazi Jumapili. Na kuna kompyuta yako, ambayo haijawahi kufika Garissa: kalenda ya kawaida ya Microsoft Project ni Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiingiza kazi tatu za kwanza, siku 6, 12 na 6, bila kubadilisha kalenda hiyo, slabu inaisha Alhamisi tarehe 5 Februari. Kwenye karatasi inaisha Jumamosi tarehe 31 Januari. Ni kazi tatu tu na tayari karatasi na kompyuta hazisalimiani.

Sasa tazama mkanda wa kuta, tarehe 9 hadi 28 Februari, siku 18 za kazi. Ramadhani ya 2026 inaingia karibu tarehe 18 au 19 Februari, kutegemea mwezi kuandama. Ikianza tarehe 19, siku 9 za ule mkanda ziko kabla ya mfungo na 9 ziko ndani yake. Fundi aliyefunga, chini ya jua la Februari, hufanya kazi asubuhi na kuweka mwiko chini mapema. Tukisema ni saa 5 badala ya 8, zile siku 9 zinazaa kazi ya siku 5 na nusu hivi. Kuna zaidi ya siku tatu za ukuta zinazotafuta pa kukaa.

Hapa ndipo watu huharibu kwa bidii. Wanaona Ramadhani, wanaurefusha mkanda haraka haraka, kumbe mchoraji alikwisha kuurefusha. Kabla hujaongeza kitu, uliza swali moja: siku 18 hizi zilihesabiwa kwa tofali ngapi kwa siku? Jibu likija na namba mbili, moja ya kabla ya mfungo na moja ya ndani yake, usiguse kitu. Likija na namba moja, ongeza.

Na bado kuna Idi, karibu tarehe 20 Machi, katikati ya mkanda wa paa. Kisha Ijumaa Kuu tarehe 3 Aprili. Kisha mkanda wa rangi unaanza Jumatatu tarehe 6 Aprili, ambayo ni Jumatatu ya Pasaka. Aliyeichora ratiba hii hakuacha sikukuu ya dini yoyote ipite bila kuipangia kazi.

Kwa nini shaba na si dhahabu? Kwa sababu kalenda inaandikika. Ukishajua siku za mapumziko unaziingiza mara moja, na hesabu yote inajinyoosha. Wawili waliobaki hawaandikiki bila kumuuliza mtu.

Hukumu: mwongo mkubwa mwenye dawa ndogo.

2. Mikanda inayogusana

Slabu inaishia pale… hapana, tuanze na kuta na ringi bimu. Kuta zinaisha tarehe 28 Februari, ringi bimu inaanza Jumatatu tarehe 2 Machi. Zinagusana. Moja inategemea nyingine? Hapa ndiyo, maana boriti haikai hewani. Lakini hilo umelijua kwa akili ya mjengo, hukulisoma kwenye mkanda. Mikanda miwili inaweza kugusana kwa sababu ni mafundi walewale, au kwa sababu kuna mchanganyio mmoja wa zege, au kwa bahati tu. Mkanda hukuambia lini. Haukuambii kwa nini.

Na hili si jambo jipya. Chati hizi zinaitwa kwa jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyezieneza mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini mhandisi wa Kipolandi, Karol Adamiecki, alibuni chati yake mwaka 1896, na yake ilionyesha pia kazi gani inatangulia na ipi inafuata. Dunia ikachukua ile ya mikanda mitupu. Mjadala wa pili kama mnautaka: tulichagua chati mbaya.

Kwa hiyo mategemeo unayaandika wewe, ukimuuliza mwenye kazi. Namna kuu unazohitaji ni tatu. FS: ya kwanza iishe ndipo ya pili ianze. SS: ya pili inaanza muda fulani baada ya ya kwanza kuanza. FF: ya pili haiwezi kuisha kabla ya ya kwanza kuisha, au mpaka zipite siku fulani baada ya hapo.

Mikanda inayopishana ndiyo inayowaponza wengi. Plasta inaanza tarehe 23 Machi, paa likiwa bado linaendelea hadi tarehe 28. Ukiandika FS, programu itaisukuma plasta hadi tarehe 30 na kukupa mradi mrefu kwa wiki nzima. Ukweli ni kwamba darasa la kwanza likishapata mabati, fundi wa plasta anaingia chini yake wakati wenzake wako juu ya la pili. Hiyo ni SS na siku 6. Rangi nayo inaanza siku 12 za kazi baada ya plasta kuanza, na haiwezi kuisha mpaka zipite siku 6 baada ya plasta kuisha.

Sasa jipime. Fuata mnyororo mrefu kuliko yote na ujumlishe: 6, 12, 6, pengo la 6, 18, 6, pengo la 6, kisha siku 6 za paa kabla ya plasta kuingia, 12 za plasta kabla ya rangi kuingia, na 12 za rangi. Unapata 90. Wiki 15 za siku 6 ni 90. Mnyororo wako ukitoa 96 au 84, kuna tegemeo umeliandika vibaya, na mara nyingi ni kati ya kazi mbili zinazopishana.

Hukumu: fedha. Angechukua dhahabu kama asingekuwa na kaka mkubwa.

1. Peupe

Huyu ndiye bingwa. Mkanda angalau umechorwa. Peupe hapajachorwa kitu, na ndiyo maana wengi hawapaoni.

Chati yetu ina sehemu nyeupe mbili. Moja ni wiki ya 5, kati ya slabu na kuta. Nyingine ni wiki ya 10, kati ya ringi bimu na paa. Zina upana uleule na ukimya uleule. Ukizichukulia kuwa ndugu, ratiba yako imekwisha.

Niliketi na fomeni mmoja mzee, picha ya namna hii ikiwa katikati yetu, nikaweka kidole kwenye nafasi ya kwanza. "Abti, hapa kuna nini?"

"Maji," akasema.

"Maji gani?"

"Slabu inakunywa maji siku saba. Magunia juu, asubuhi na jioni unamwaga. Jua la hapa ukiiacha kavu inapasuka kama midomo."

Basi peupe pa kwanza pana kazi ndani yake, kazi isiyojua Jumapili. Zege linakomaa usiku, linakomaa sikukuu. Kwa hiyo usiandike siku 7 za kazi. Andika siku 7 za kalenda, ambazo Microsoft Project huziandika `7ed`. Slabu inaisha Jumamosi tarehe 31 Januari, siku saba zinaishia Jumamosi tarehe 7 Februari, kuta zinaanza Jumatatu tarehe 9, kama karatasi inavyosema. Ukiandika `7d` kuta zinasogea hadi Jumanne tarehe 10. Siku moja tu, ndiyo, lakini sikukuu ikiangukia ndani ya siku hizo, hesabu hizo mbili zitazidi kuachana.

Nikahamisha kidole. "Na hapa? Maji tena?"

Akacheka. "Hapa hakuna maji, kijana. Hapa kuna lori."

Ringi bimu yenyewe, alisema, mhandisi wake alimkubalia kupandisha mbao za paa baada ya siku tatu. Siku zilizobaki mafundi wanangoja mbao na mabati yatoke Nairobi. Sasa tia hilo kwenye mfano wetu. Ringi bimu inaisha tarehe 7 Machi. Siku tatu zinaishia tarehe 10. Kwa zege peke yake paa lingeanza Jumatano tarehe 11. Linaanza Jumatatu tarehe 16 kwa sababu lori linafika Jumamosi tarehe 14.

Tofauti yake ni hii. Kama peupe pa pili pangekuwa pa zege, kila siku ambayo ringi bimu inachelewa ingelichelewesha paa siku moja. Lakini ni pa lori. Kwa hiyo ringi bimu ina nafasi ya siku 4 za kazi, tarehe 11 hadi 14, inaweza kuteleza bila kumgusa mtu. Lori halina hata siku moja. Meneja anayesoma picha bila kuuliza atawakimbiza mafundi wa ringi bimu, awalipe saa za ziada ndani ya mfungo, na paa halitaanza mapema hata kwa nusu saa.

Zaidi ya hapo, kuna kazi nzima ambayo haimo kwenye picha: kuagiza. Tuseme tangu kulipia hadi mzigo kushuka saiti ni siku 21. Ukirudi nyuma kutoka tarehe 14 Machi unafika tarehe 21 Februari. Siku hiyo Ramadhani imeanza tu, kuta bado zina wiki nzima kabla hazijafika juu, na hakuna hata mtu mmoja pale saiti anayewaza bati. Ndiyo maana mstari wa 6 hapa chini unaingia, ingawa mchoraji hakuuchora:

```
ID|Kazi|Muda|Inategemea
1|Kuchimba msingi|6d|
2|Kujenga msingi|12d|1FS
3|Slabu|6d|2FS
4|Kuta|18d|3FS+7ed
5|Ringi bimu|6d|4FS
6|Kuagiza mabati|21ed|
7|Paa|12d|5FS+3ed,6FS
8|Plasta na sakafu|18d|7SS+6d
9|Milango na rangi|12d|8SS+12d
```

Microsoft Project haikubali viungo viwili kati ya kazi mbili zilezile, kwa hiyo mstari wa 9 umebaki na SS; ile FF ikague kwa macho. Mstari wa 6 upe tarehe yake ya kuanza, 21 Februari saa 11 jioni, kwa mkono, ili uishie jioni ya tarehe 14 na paa lianze Jumatatu. Ukiuacha bila tarehe, programu itaurusha hadi mwanzo wa mradi, na utadhani mabati yamefika Januari.

Na kwa Garissa siku zile 4 zina uzito wa pekee, kwa sababu baada ya jilaal, kiangazi kikavu, inakuja mvua ya gu, kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Paa letu linaisha tarehe 28 Machi, na hapo hata Idi haijakatwa. Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya kuja Garissa, na mwaka 2024 yakarudi wakati wa mvua za masika. Hiyo ni lami. Fikiria ile ya udongo inayokwenda shuleni kwetu. Lori likichelewa wiki mbili halifiki na kuchelewa kwa wiki mbili, linakwama. Na kuta zisizo na paa zinakaa zikinyeshewa.

Hukumu: dhahabu, bila mshindani. Muulize kila peupe jina lake: ni maji, ni lori, ni mtu, au ni mapumziko? Kila jibu linaandikwa tofauti.

Sasa nyinyi wa kalenda, najua hamjaridhika, na kuna mtu wa mikanda inayogusana pale nyuma ameshainua mkono. Karibuni. Lakini anayetaka kumtoa bingwa huyu kwenye nafasi ya kwanza aje na picha yake ya ratiba, aweke kidole kwenye peupe pake, na anitajie tarehe ya kuagiza mabati.